Jiwe Jekundu Katikati ya Saa ya Baba

Haya jamani, sogeeni. Wewe uliyekaa mlangoni ingia kabisa, mvua ya huku kwetu haijali kama umevaa koti la kanisani. Na wewe mwenye kisu acha kwanza kumenya ndizi, utajikata kidole halafu useme mimi ndiye nilikuchekesha. Nataka niwasimulie siku tulipotaka kumzika kaka yangu. Msikunje nyuso. Mimi mwenyewe siku ile sikukunja uso, na hadi leo sijui kwa nini.

Kwanza saa. Baba alikuwa na saa ya mfukoni, ya fedha, yenye kifuniko na mnyororo. Aliipata kwa mfanyabiashara mmoja pale bomani wakati wa Wajerumani, baada ya kubeba mizigo kwenda ziwani na kurudi. Mizigo yenyewe, alivyokuwa anasimulia, kila mmoja ulikuwa na uzito wa kanisa na mchungaji wake ndani. Alipopewa saa aliitia mdomoni akaing'ata, ajue kama ni fedha kweli. Jino likaacha alama kwenye kifuniko. Baba alisema saa nayo iliacha alama kwenye jino. Mlio wake, akiwa amekaa hapa nyumbani, watu wa Kyimo, kule mbali, walikuwa wanausikia, wanaweka ugali motoni. Hiyo ndiyo saa.

Baba alipokufa saa ikaenda kwa kaka. Na kaka, kabla tu ya Uhuru, akaenda nayo Joni, Afrika Kusini huko, kwenye machimbo ya dhahabu, kama vijana wengi wa wakati ule. Aliacha mke. Huyo ndiye shemeji yangu. Mwanamke wa maneno machache. Akikwambia "habari" ujue siku hiyo ameongea sana.

Mwanzoni kaka alileta blanketi kwa mkono wa watu. Kisha ikaja kimya. Kisha serikali yetu ikakataza watu kwenda kwa Makaburu, njia ikafungwa, na walioko huko wakawa huko. Shemeji akasubiri. Nyumba ya kaka akaiezeka upya ilipovuja, ikavuja tena akaiezeka tena. Kiti cha kaka hakikukaliwa na mtu. Kuku mmoja aliwahi kukikalia, tukamla.

Sasa tuko wakati wa Ujamaa, sukari ukiiona unaiamkia shikamoo. Siku hiyo akaja mtu mmoja wa kijiji cha Suma. Alikuwa amerudi kutoka Joni kwa kupitia Zambia, na suruali pana hivi, mguu mmoja ungeweza kumvalisha mtoto wa shule sare nzima. Akakaa, akakataa chai, akatoa leso. Ndani ya leso, saa ya baba.

"Poleni," akasema. "Mwenzetu alifariki zamani, mwaka uleule wa Uhuru. Mwamba uliporomoka. Mimi ndiye niliyeitoa saa mfukoni mwake. Tazameni, mishale ilisimama saa ileile mwamba ulipoanguka."

Tukatazama. Alama ya jino la baba ilikuwepo. Mishale kweli ilikuwa imesimama.

Shemeji akalia. Sijasikia kilio kile tena. Ng'ombe wa jirani aliacha kucheua, na mto nadhani ulisimama kidogo usikilize. Wanawake wakaja, wakamkalisha juu ya majani makavu ya migomba, kama anavyokalishwa mjane.

Na mimi? Mimi nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku. Unauona, ni wako, unaubana, hausemi kitu. Nilisema moyoni, kaka amekufa. Nikasubiri. Hakuna kilichokuja. Nikaenda kufunga mbuzi.

Mke wangu yeye alikuwa ananitazama kama mtu aliyekuta nyayo za mumewe kwenye banda la kuku la jirani. Maana kwa desturi yetu ya zamani, mjane wa kaka anarithiwa na mdogo mtu. Mdogo mtu ni mimi. Shemeji akiwa mjane, atarithiwa, au atasema hataki, arudi kwao, mambo yake yanafunguka. Akiwa bado mke, anaendelea kusubiri. Hapo katikati hapana nafasi ya kusimama.

Baba mdogo wetu akashika usukani. Mzee huyo kwa kuamrisha, angeweza kuiamrisha mvua ikapige foleni.

"Mwili haupo," akasema. "Tutazika mgomba."

Ndivyo wazee walivyofanya kwetu mtu akifia mbali. Unakatwa mgomba wa urefu wake, unavishwa shuka, unalazwa kaburini, watu wanalia, mambo yanakwisha. Nikatumwa kuukata. Nikaukata, nikauleta begani.

"Huu mfupi," baba mdogo akasema. "Kaka yako alikuwa akiingia mlangoni anainama."

"Tata," nikamwambia, "baba yangu, migomba yote mirefu ina mikungu. Nikate na ndizi?"

"Mzike na ndizi basi, atakula njiani."

Watu walicheka, halafu wakakumbuka ni msiba. Mgomba ule mfupi tukaubakiza, tukauvisha shuka, ukalala kwenye kitanda cha kaka ukisubiri; kaburi vijana walikuwa wameshalichimba. Mgomba una baridi, bwana. Niliushika hapa penye bega, nikasikia maji yanatembea ndani.

Tatizo likawa fahali. Msiba wa mtu mzima bila ng'ombe wa kuchinja ni kikao tu. Na sisi zizini tulikuwa na ndama mmoja, mwembamba, ukimtazama kwa mbele huwezi kumwona, inabidi umzunguke. Baba mdogo akakaa akafikiri, akaitazama saa.

"Marehemu atawalisha waombolezaji wake mwenyewe. Tuipeleke saa kwa fundi Tukuyu. Yule ana mafahali Ikuti, na kwa saa za Mjerumani ni mgonjwa."

Ilikuwa kweli. Fundi saa wetu alikaa barazani mwa duka la vitambaa, upande wa juu wa soko. Kofia ya kiua, kikoi, na mdomo. Mimi nasifiwa kwa kusema, lakini mbele ya yule nilikuwa bubu. Alijifunza kazi kwa Mhindi mmoja wa Mbeya, akabaki na kisanduku cha vyuma vidogo ambavyo ukipiga chafya umemfilisi.

Tukaenda watatu: baba mdogo, mimi, na yule mtu wa Suma, maana ndiye shahidi wa saa. Hakutaka kuja. Alisema miguu inamuuma. Baba mdogo akamwambia, "Miguu iliyotoka Joni inashindwa na Tukuyu?" Akaja.

Fundi akaipokea saa kwa mikono miwili.

"Hee, bibi harusi," akasema. "Karibuni, kaeni, msiegemee meza. Mna shida gani na huyu?"

"Tunataka fahali," baba mdogo akasema.

"Mimi nilidhani mnataka kujua saa ngapi."

Akatia lenzi jichoni. Akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha. Ndani kukawa na alama ndogo zimegongwa kwenye fedha. Akatuonyesha moja moja. Hilali na taji, akasema, hizo ni alama za fedha ya kuuzwa Ujerumani. Ndege mdogo hapa, huyo ni wa Uswisi, ndiko ilikochongwa. Na mia nane, maana yake katika elfu, mia nane ni fedha safi, iliyobaki ni shaba ya kuikaza.

"Mzee wenu hakudanganywa. Na hili shimo ni nini?"

"Jino la baba," nikasema.

"Alikuwa na njaa?"

Baba mdogo hakucheka. "Fahali wangapi?"

"Taratibu, Mzee. Ukinunua ng'ombe unatazama ngozi tu?"

Ndani ya kifuniko cha fedha kulikuwa na kifuniko kingine chembamba kinachozuia vumbi. Kimeandikwa maandishi ya kujikunja. Kusoma sijui, ila tarakimu nazijua, maana usipojua tarakimu utauza ng'ombe mmoja mara mbili au utamnunua mara mbili. Niliona moja na tano.

"Kumi na tano rubis," fundi akasoma. "Ni mawe. Mawe mekundu madogo, ndiyo matundu ambamo ncha za magurudumu zinazunguka. Shaba inalika, jiwe haliliki. Saa ya mawe saba ni ya kuendea shambani. Ya kumi na tano ni ya bwana shamba. Kumi na tano kwa wakati ule, Mzee, hapo unaongea na mimi habari ya fahali mwenye nundu."

Baba mdogo akajinyoosha. Hata mimi niliona nundu.

Fundi akafungua kile kifuniko cha ndani. Mashine ikatokea, inang'aa kama samaki. Akaitazama. Akanyamaza. Nawaambia, mtu yule kunyamaza, nilidhani amekufa na tutahitaji mgomba wa pili.

Akatoa lenzi, akaifuta kwa kikoi, akairudisha.

"Huyu bibi harusi," akasema, "mwili si wake."

"Mwili upi?" baba mdogo akauliza.

"Nguo ni ya zamani, mwili ni wa jana. Njoo wewe mwenye macho." Mimi nikainama. "Mlango, hiki kifuniko cha ndani, umesema mawe kumi na tano. Sasa soma hapa kwenye mashine."

Nikaona moja na saba.

"Kumi na saba," nikasema.

"Ndiyo. Na huhitaji hata kusoma. Tazama hapa katikati kabisa. Unaona nini?"

Katikati ya mashine kulikuwa na jiwe jekundu, kama damu ya kuchomwa sindano.

"Ile yenye kumi na tano, gurudumu la katikati linazunguka kwenye shaba tupu, kwa sababu linakwenda polepole, hawakuona haja ya kuliwekea jiwe. Hii ina jiwe katikati juu, na jingine chini yake upande wa mishale. Hayo ndiyo mawili yaliyozidi. Na hapa kwenye balansi, hili gurudumu linalochezacheza, juu ya jiwe lake kuna kijispringi, kinafanana na zeze. Ni cha kuzuia saa isife ikianguka. Wajerumani walipokuwa bomani hapa kitu hiki kilikuwa hakijatungwa."

"Labda kaka aliongeza mawe," nikasema. "Huko Joni wanachimba mawe."

"Umejaribu. Mawe hayaongezwi kama pilipili. Hii ni mashine nyingine nzima. Hata hapa tundu la kitasa, hiki cha kutilia ufunguo, limekwanguliwa kwa tupa ili ikae." Akaisogeza kwenye mwanga. "Sasa sahihi. Hili ni jina la kampuni yenyewe iliyotengeneza, limeandikwa kwenye mashine, si la duka. Jina la duka lingekuwa juu ya uso, na lisingenisaidia. Kampuni hii naijua, inaandika nambari kwa mfululizo tangu ilipoanza. Wakati wa vita ya Hitla walikuwa wamefika milioni kumi. Saa niliyouza mwenyewe mwaka wa Uhuru, mpya kwenye boksi, ilikuwa bado haijafika ishirini. Hii inaanza na ishirini na tatu."

"Kwa hiyo?" baba mdogo akasema.

"Kwa hiyo mashine hii ilizaliwa sisi tukiwa tumeshashusha bendera ya Mwingereza, tumeshaimba, tumeshalala, tumeshaamka. Miaka kadhaa baada ya Uhuru."

Mvua ikaongezeka barazani. Nilimsikia baba mdogo anapumua puani.

"Mwanangu alikufa mwaka wa Uhuru," akasema.

"Basi alikufa halafu akaenda dukani."

Sote tukamgeukia mtu wa Suma. Alikuwa anatazama vitambaa vya duka kama anayechagua vazi la mkewe.

Baba mdogo ndiye aliyekosea, na kosa lake ndilo lililofungua kila kitu. Yeye aliona jambo moja tu: mashine ya kakaye, yaani baba yetu, imechukuliwa.

"Umeiba," akamwambia. "Umemvua marehemu saa, ukatoa mashine ya Mjerumani ukauza, ukatuletea ganda. Mwizi wa maiti."

Mtu wa Suma akasimama. Nawaambia ukweli, ungeweza kumwita mwongo mpaka jua lizame, asingesema kitu. Lakini mwizi, tena wa maiti, na watu wa sokoni wanasikia, na kwao Suma hapako mbali.

"Mimi si mwizi, Mzee," akasema. "Mashine aliibadilisha mwenyewe. Tulikwenda wote dukani. Ile ya zamani ilimponyoka ikaanguka kwenye lifti ya mgodi, balansi ikavunjika ncha, fundi wa kule akasema chuma chake hakipatikani tena. Akaweka hii. Ganda akalibakiza kwa sababu ya jino."

"Lini?" nikauliza.

"Siyo zamani sana."

"Na mwamba ulimwangukia lini?"

Akatazama chini. "Haukumwangukia."

Fundi alikuwa ameshika saa muda huo. Akaitia ufunguo kidogo kwa vidole viwili. Ikaanza kulia, tk tk tk, haina hata aibu. Haikuwa imesimama kwa mwamba. Ilikuwa haijatiwa ufunguo tangu Zambia.

Hapo yakatoka yote. Kaka ana nyumba huko. Ana mke na watoto huko. Njia ya kurudi ilifungwa, naye akafungika pamoja nayo. Lakini kila akitoa saa mfukoni anamkumbuka mwanamke anayemsubiri huku. Akamwambia mwenzake huyu anayerudi: wapelekee saa, waambie nimekufa, watalijua jino la baba wataamini. Mwambie mke wangu hasa. Asisubiri tena.

"Alisema ni wema," mtu wa Suma akamaliza. "Mimi nikaona ni wema."

Mimi nikangoja furaha ije. Kaka yangu yu hai. Furaha haikuja. Nikangoja hasira, nayo ilikuwa imesafiri. Nikamuuliza fundi kama ana maji ya kunywa.

Baba mdogo, kwa kuwa alikuwa baba mdogo, akauliza tena habari ya fahali.

"Ingekuwa na mwili wake, ningekupa fahali na kamba yake," fundi akasema. "Ganda la zamani na mashine mpya, hakuna mtu anayeitaka. Anayetaka ya kale ataona jiwe la katikati. Anayetaka mpya ataona jino. Nakupa mbuzi, na hapo nanunua fedha tu."

"Mbuzi ninao," baba mdogo akasema. Akairudisha saa kwenye leso.

Tukarudi tukilowa. Njiani baba mdogo alikuwa ameshaamua. Mtu hai hazikwi, ni kumwitia kifo. Balozi wa nyumba kumi atauliza tumezika nini. Kaburi lifukiwe, mgomba wapewe ng'ombe, mjane si mjane. Mtu wa Suma alitembea nyuma yetu, suruali imenyonya maji, inapiga miguu paa, paa, kama watu wanne wanamfuata.

Shemeji tulimkuta palepale juu ya majani makavu. Macho yamevimba, lakini ametulia. Wanawake wamemzunguka. Baba mdogo akasimama mlangoni.

"Mwanangu, nyamaza," akasema, ingawa alikuwa amenyamaza. "Mumeo hajafa. Yuko huko na nyumba yake nyingine. Inuka kwenye majani, oga, urudi jikoni. Utasubiri kama ulivyosubiri. Siku moja njia itafunguka."

Shemeji hakuinuka. "Nani amesema hajafa?"

"Saa," nikasema mimi.

Akanitazama. Nikapiga magoti mbele yake, nikafungua kifuniko, nikafungua na cha pili. Nikamwonyesha. Nikamwambia, baba alipewa saa ya mawe kumi na tano, mlango wenyewe bado unasema. Hii ina kumi na saba. Hilo jekundu la katikati halikuwepo kaka alipoondoka. Limewekwa huko, siku za karibuni. Fundi ameisoma nambari.

Akaishika saa. Akaisogeza karibu na uso, hata pumzi yake ikatia ukungu kwenye mashine. Alitazama lile jiwe muda mrefu. Saa ilikuwa inakwenda. Kila mtu mle ndani alikuwa anaisikia, na mimi nikaona hata Kyimo wanaisikia.

Kisha akafunga kifuniko cha ndani, akafunga na cha nje, akapitisha kidole kwenye jino la baba mkwe wake. Akanirudishia.

"Shemeji," akasema, "kaburi mmeshalifukia?"

"Bado," nikasema.

"Na ule mgomba bado umelala?"

"Umelala."

Baba mdogo akaanza kusema habari ya balozi. Shemeji hakumwacha amalize.

"Basi uzikeni. Mimi nimeshalia."